Karuseli ya nyumba ya kupanga Dodoma: kuchagua maneno na hashtegi zinazomfikia mpangaji

Kila wiki napata ujumbe ule ule kutoka kwa madalali na wenye nyumba wa hapa Dodoma: "Naomba nitumie hashtegi unazotumia." Nikituma, wanazibandika zote chini ya picha za chumba cha Nkuhungu, na baada ya siku tatu wanarudi kulalamika kwamba hawaoni wateja. Hashtegi zangu zilikuwa za nyumba nyingine, mtaa mwingine, mpangaji mwingine. Kwa hiyo naandika hapa namna ninavyozitafuta, ili uzitafute mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa Instagram, na ni wa karuseli, yaani ile posti moja yenye picha kadhaa ambazo mtu anatelezesha kwa kidole. Mfano nitakaoufuata hadi mwisho ni nyumba moja ya Kisasa: vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko, choo cha pabliki, ndani ya fensi, 350,000 kwa mwezi, malipo ya miezi sita.

Kabla hujaanza, uwe na vitu hivi

- Akaunti iliyo wazi kwa watu wote. Ikiwa imefungwa, hashtegi zako hazimfikii mtu yeyote zaidi ya wafuasi wako. Ikiwezekana iwe akaunti ya biashara, maana utahitaji takwimu za `Insights` baadaye. Pia tangu Julai 2025 picha za akaunti za namna hiyo zinaweza kutokea hata mtu akitafuta Google.
- Picha sita hadi nane za nyumba moja. Instagram inaruhusu hadi 20 kwenye karuseli, lakini nyumba ya vyumba viwili haina picha 20 za kuonyesha, labda upige bomba moja mara nne.
- Meseji za WhatsApp za wateja wako wa karibuni, angalau ishirini.
- Simu ya mtu mwingine kwa dakika tano. Mdogo wako, jirani, yeyote ambaye hatazami nyumba kutwa nzima kama wewe.
- Karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Karuseli moja, nyumba moja

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kabla hata hawajafika kwenye hashtegi. Dalali anapiga picha nyumba nane, moja Ilazo, nyingine Miyuji, nyingine Iyumbu, anazitia zote kwenye karuseli moja na kuandika "Nyumba kali zinapatikana, njoo inbox."

Karuseli, hata iwe na picha ngapi, ina kapsheni moja, hashtegi za pamoja, na alama moja ya mahali. Huwezi kuweka hashtegi ya Ilazo kwenye picha ya pili na ya Miyuji kwenye ya tatu. Ukichanganya nyumba nane, unalazimika kuandika maneno mapana yanayozifunika zote, na maneno mapana hayamleti mtu anayetaka Ilazo. Gawanya. Nyumba nane ni posti nane, na ndiyo, ni kazi zaidi.

Hatua ya 2: Chukua maneno kutoka kwa mpangaji, si kwa mwenye nyumba

Fungua WhatsApp, soma zile meseji ishirini, na unakili jinsi mteja alivyouliza mara ya kwanza. Usisahihishe. Kwenye karatasi yangu mara nyingi yanatokea mambo kama haya: "naulizia nyumba ya kupanga maeneo ya kisasa", "kuna chumba master karibu na UDOM?", "natafuta chumba na sebule bajeti laki na nusu".

Sasa linganisha na unachoandika wewe. Nina hakika umeandika "nyumba inapangishwa" au "nyumba ya kupangisha". Hilo ni neno la mwenye nyumba, yeye ndiye anayepangisha. Anayetafuta anapanga, na kwenye kisanduku cha kutafutia ataandika "nyumba ya kupanga". Herufi tatu tu zimewatenganisha, nawe unaongea na wenye nyumba wenzako badala ya wapangaji.

Jambo la pili ni mpangilio. "Kupanga" peke yake ni neno lenye shughuli nyingi: watu wanapanga harusi, wanapanga uzazi, wanapanga makabati. Ukiandika "kupanga nyumba" unaweza kujikuta umekaa katikati ya mafundi wa mapambo wanaofundisha mahali pa kuweka kochi. "Nyumba ya kupanga", kwa mfuatano huo, ndiyo inayobeba maana unayoitaka.

La tatu ni tahajia. Mimi napenda kuandika masta, lakini wapangaji wengi wanaandika `master`, na wengine wanasema `self`. Kwenye posti fuata mkono wa mteja. Mwalimu wako wa Kiswahili hatafuti chumba.

Ukimaliza hatua hii uwe na maneno matatu au manne tu. Kwa nyumba yetu yalibaki haya: nyumba ya kupanga, vyumba viwili, master, Kisasa Dodoma.

Hatua ya 3: Jaribu kila neno kwenye simu isiyo yako

Matokeo ya utafutaji yanafuata pia tabia ya mwenye simu: akaunti anazozifuata, posti anazogusa. Simu yako imeshazoea nyumba, itakuonyesha nyumba hata ukiandika "supu". Ndiyo maana nilikwambia uazime simu.

Andika neno polepole kwenye kisanduku cha kutafutia na usubiri mapendekezo yanayoshuka. Kisha fungua matokeo na utazame posti za mwanzo. Jiulize maswali mawili: je, hizi ni nyumba za kupanga za Dodoma? Je, mpangaji wangu angebaki hapa akitazama? Jibu likiwa hapana, kata hilo neno, hata kama lina posti laki tatu.

Mji wetu una mitego yake hapa, na nimenaswa na karibu yote.

*Kisasa.* Kwetu ni mtaa. Kwa Watanzania wengine wote ni sifa: nyumba za kisasa, ramani za kisasa, milango ya kisasa. Hashtegi ya `#NyumbaKisasa` itakuweka pamoja na wauza ramani za ghorofa. Usiliache neno hili peke yake, lifunge na mji: `#KisasaDodoma`.

*Kikuyu.* Hapa ni mtaa wetu. Kwa jirani zetu wa Kenya ni kabila kubwa na ni mji. Ukiandika `#Kikuyu` unaalika watu wenye mazungumzo yao tofauti kabisa.

*Chang'ombe.* Ina mitego miwili. Kwanza, kuna Chang'ombe ya Temeke, Dar es Salaam, na ndiyo watu wengi wanayoifikiria. Pili, ile alama ya juu. Hashtegi hukubali herufi, namba, mstari wa chini na emoji tu. Ikikutana na nafasi, kistari au ile alama ya ng', inakatika hapo hapo. Ukiandika `#Chang'ombe`, hashtegi inayobaki ni `#Chang`, na mengine yanakuwa maandishi ya kawaida. Kwenye hashtegi andika `#ChangombeDodoma`, na kwenye sentensi ya kapsheni liandike sawasawa na alama yake, ili umpate anayeandika hivi na anayeandika vile. Ng'ong'ona, kule wanakopanga wanafunzi wa UDOM, ni hivyo hivyo, tena kila mtu analiandika kivyake.

*Dom.* Huu ndio ulionichekesha. Sisi tunasema "nipo Dom", basi nami kwa muda mrefu nilikuwa naweka `#dom` kwenye kila posti. Likes zilikuwa zinamiminika. Siku moja mtu akaacha maoni kwa lugha nisiyoielewa, mpwa wangu akayatafsiri: Kipolandi, anasifia sebule. Kumbe kwa Kipolandi "dom" ni nyumba. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nawaonyesha watu wa Poland chumba cha Makole.

Hatua ya 4: Andika mstari wa kwanza wa kapsheni kama mtu anavyotafuta

Instagram yenyewe imeeleza wazi tangu 2021 kwamba utafutaji wake unalinganisha maneno ya mtu na majina ya akaunti, wasifu, kapsheni, hashtegi na mahali, na kwamba maneno hayo yawe kwenye kapsheni, si kwenye maoni. Kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na sentensi ya kawaida. Hashtegi zinaisaidia tu. Mtu akiniambia nichague kimoja, nitachagua mstari wa kwanza na kuacha hashtegi zote.

Kapsheni ndefu hukatwa mtu anapopita kwenye simu, anaona mistari miwili hivi. Maneno yako yote manne yawemo humo. Ya nyumba yetu ni hii:

```
Nyumba ya kupanga Kisasa, Dodoma: vyumba viwili
(kimoja master), sebule, jiko, ndani ya fensi.
350,000 kwa mwezi, miezi sita.
```

Mistari inayofuata ndiyo ya maelezo: maji ya DUWASA yapo ndani, LUKU yake peke yake, bajaji inafika mlangoni hata mvua ikinyesha, hela ya kuonyeshwa ni kiasi gani, udalali ni kiasi gani. Andika kama unavyomweleza mtu aliyesimama mbele yako.

Onyo: usirundike maneno. "Nyumba Dodoma nyumba ya kupanga Dodoma nyumba nzuri Dodoma kupanga" inasomeka kama tangazo la tapeli, na mpangaji wa Dodoma ameshaogopeshwa na matapeli vya kutosha. Neno kuu likitokea mara moja juu, na mara nyingine kwa namna ya kawaida katikati, linatosha.

Onyo jingine: usianze na emoji kumi za moto na "WAHI WAHI WAHI". Hakuna anayetafuta nyumba kwa kuandika wahi.

Hatua ya 5: Chagua hashtegi tano, kila moja na kazi yake

Zamani watu walijaza 30, ndiyo kikomo tulichokizoea. Ushauri wa Instagram umekuwa tatu hadi tano tangu 2021, na mimi sizidishi tano. Pia tangu Desemba 2024 watu hawawezi tena kufuata hashtegi kama walivyofuata akaunti, kwa hiyo ile ndoto ya kwamba kuna kundi linangoja `#nyumba` liletewe posti yako imeisha. Hashtegi sasa ni lebo ya kueleza posti inahusu nini.

Kwa nyumba yetu:

```
#NyumbaYaKupangaDodoma #NyumbaZaKupangaDodoma
#KisasaDodoma #DalaliDodoma #Dodoma
```

Ya kwanza na ya pili ni kitu kile kile kwa umoja na wingi, kwa sababu kwenye hashtegi hizo ni lebo mbili tofauti. Ya tatu ni mtaa. Ya nne ni ya mtu aliyekata tamaa ya kutafuta mwenyewe na sasa anatafuta dalali. Ya tano ni pana, na nina mashaka nayo: humo kuna Bunge, harusi, zabibu na kila kitu. Naiacha kwa sababu angalau ni mji sahihi. Kama huna ya tano yenye maana, weka nne.

Herufi kubwa na ndogo hazibadilishi hashtegi. Naweka kubwa ili isomeke tu.

Ziweke mwisho wa kapsheni, baada ya namba ya simu. Usizitawanye katikati ya sentensi ("#nyumba ipo #kisasa karibu na #barabara"), msomaji anajikwaa. Na usiziweke kwenye maoni ya kwanza. Najua kuna mtu maarufu alikwambia hivyo. Ulikuwa mtindo wa kuipendezesha kapsheni, haukuwa wa kumsaidia anayetafuta.

Onyo la mwisho hapa: ukitumia hashtegi za nyumba ya Kisasa kwenye chumba cha Nala kwa sababu ulizinakili kwenye notisi za simu, umemdanganya mpangaji kabla hajapiga. Ile ya mtaa lazima ibadilike kila nyumba inapokuwa mtaa mwingine.

Hatua ya 6: Maneno juu ya picha, na maelezo ya picha

Picha ya kwanza iandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka kwenye simu ndogo juani: "Kisasa, Dodoma. Vyumba 2. 350,000." Basi.

Picha ya pili wengi wanaisahau. Mtu akipita bila kutelezesha, Instagram inaweza kumletea posti hiyo hiyo tena baadaye ikianzia picha ya pili. Kama picha ya pili ni choo kisicho na maneno, umepoteza nafasi yako ya pili. Mimi naweka sebule, na pembeni narudia "Nyumba ya kupanga, Kisasa Dodoma" kwa maandishi madogo. Kuanzia ya tatu acha picha zijieleze.

Kisha kabla ya kubonyeza kuposti, ingia kwenye mipangilio ya ziada chini ya sehemu ya kapsheni, utafute `Write alt text`. Hapo kila picha ina nafasi yake, tofauti na kapsheni. Maelezo haya husomwa kwa sauti na simu za watu wasioona, kwa hiyo eleza kilichopo kweli, sentensi moja: "Sebule yenye vigae vyeupe na madirisha mawili ya alumini, nyumba ya kupanga Kisasa Dodoma." Usigeuze kuwa mahali pa kuficha hashtegi.

Hatua ya 7: Mahali, jina, kisha posti

Weka alama ya mahali ya Dodoma. Ukipata ya Kisasa, ifungue kwanza uhakikishe ramani yake imeangukia hapa. Kisha tazama sehemu ya `Name` kwenye wasifu wako. Hiyo hutafutwa. Kama umeandika jina lako peke yake, ongeza kazi: "Dalali Nyumba Dodoma". Instagram inaruhusu kubadili mara mbili ndani ya siku 14, basi fikiri kwanza.

Ukishaposti, gusa kila hashtegi kwa kidole uone inafungua ukurasa wake kamili. Dakika moja tu.

Hatua ya 8: Uliza "uliniona wapi?"

Baada ya siku saba fungua `Insights` za posti. Tazama waliokuona wasio wafuasi wako ni sehemu gani, na wangapi wameihifadhi. Mpangaji makini huhifadhi posti ili amwonyeshe mwenza wake jioni, kwa hiyo mimi naiheshimu namba hiyo kuliko likes. Kwenye takwimu za akaunti nzima tazama pia miji. Dar es Salaam ikiongoza usiogope: watumishi wanaohamia Mtumba na vyuo wanatafuta nyumba wakiwa bado huko.

Lakini kipimo changu halisi ni daftari. Kila anayepiga namuuliza amenionaje, naandika maneno yake. Aliyesema "niliandika nyumba ya kupanga kisasa dodoma ukaja wewe" ameniambia zaidi ya takwimu yoyote. Badilisha kitu kimoja kwa posti inayofuata, mstari wa kwanza au hashtegi, si vyote kwa pamoja, ama hutajua kilichosaidia.

Mambo yakienda kombo

*Hashtegi imepata rangi nusu.* Kuna alama ya ng', kistari au nafasi ndani yake. Hariri kapsheni, toa alama. Huna haja ya kufuta posti.

*Waliotazama ni wengi, hakuna anayepiga.* Tazama miji. Ikiwa ni nje ya Tanzania, una neno linalomaanisha kitu kingine kwa watu wengine, kama `#dom` yangu. Ikiwa ni Tanzania, tatizo haliko kwenye maneno. Tazama bei na picha.

*Wanapiga, lakini wanataka chumba kimoja.* Mstari wako wa kwanza hautaji idadi ya vyumba, au umetumia hashtegi ya chumba kwa tamaa ya kupata watu wengi.

*Wanaandika "bei?" na "ni wapi?" wakati vimeandikwa.* Hawasomi kapsheni, na hawataanza leo. Vipandishe kwenye picha ya kwanza.

*Posti haionekani kabisa ukitafuta.* Hakikisha akaunti iko wazi na hashtegi haziko kwenye maoni. Kisha ingia kwenye mipangilio, `Account Status`, uone kama kuna onyo linalozuia posti zako kupendekezwa. Kama hakuna, fungua ukurasa wa kila hashtegi. Nyingine huwa zimebanwa, na utaona matokeo machache au ujumbe wa onyo. Ibadilishe hiyo moja.

*Nyumba imepata mtu.* Usifute posti. Andika "IMEPANGISHWA" mwanzo kabisa wa kapsheni, na mstari wa zamani ubaki vilevile chini yake. Watu wataendelea kuipata kwa miezi, na atakayekupigia kuulizia "kama ile ya Kisasa" ndiye utakayempeleka Ilazo kesho.